Domeni mpya inafunguka kwa wengine, kwangu haifunguki

*Fundi habari. Leo asubuhi saa tatu nimelipia domeni ya .co.tz ya duka langu la korosho za kubangua hapa Mtwara mjini, nikawa naijaribu kwenye simu tangu saa nne. Saa nane mchana nikabadilisha neimseva kama watu wa hostingi walivyonielekeza. Sasa ni saa kumi jioni, kwangu inaandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, shemeji yangu yuko Lindi aliifungua saa saba na mpaka sasa anaona ukurasa wa kampuni niliyonunulia, ila mteja wangu wa Dar kaifungua saa tisa anaona duka na bei zote. Hostingi wanasema subiri masaa 48. Ya nini? Au nimepigwa?*

Hujapigwa mkuu. Na umefanya jambo moja zuri sana la kuandika masaa, maana bila hayo masaa ningekuwa nabahatisha tu kama hao waliokwambia subiri. Nyie watatu mnaona vitu vitatu tofauti kwa sababu mmeuliza kwa nyakati tatu tofauti, na kila mmoja jibu alilopewa bado limehifadhiwa mahali. Umbali wa Lindi na Dar hauhusiki kabisa hapa.

Kwanza tuondoe hii habari ya domeni "kusambaa", maana ndio inayowachanganya watu. Ukibadilisha kitu kwenye DNS, yaani mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP ya seva yake, hakuna kinachotumwa popote. Mabadiliko yanakaa kwenye seva yake pale pale yanasubiri kuulizwa. Anayeuliza ni rizolva, ile seva ya kampuni ya laini yako ambayo simu yako huitumia kila ukiandika jina la tovuti. Rizolva ikiulizwa dukalako.co.tz (nimetunga hilo jina, wewe weka la kwako) inaanza kwenye seva za mzizi, hizo zinaielekeza kwa seva za .tz, za .tz zinaielekeza kwa neimseva za domeni yako, na neimseva zako ndizo zinazotoa namba ya IP ya tovuti. Sasa kwa kuwa watu maelfu wanauliza majina yale yale, rizolva hairudii safari hiyo kila mara, inahifadhi jibu kwenye kache kwa muda ulioandikwa kwenye jibu lenyewe. Huo muda unaitwa TTL na unahesabiwa kwa sekunde. Mpaka uishe, kila atakayeuliza anapewa jibu lile lile la zamani.

Ni kama bei ya mnada wa korosho, aliyeulizia Ijumaa anatembea na bei ya Ijumaa mpaka aende kuuliza tena, na hadanganyi, anakwambia alichosikia.

Kwa hiyo swali sio "itasambaa lini", swali ni nani aliuliza lini, na jibu alilopewa lilikuja na muda gani. Twende kwa mmoja mmoja.

Mteja wa Dar ni rahisi. Aliuliza saa tisa, neimseva zimeshabadilishwa saa moja nzima, na rizolva ya mtandao wake haikuwa na kumbukumbu yoyote ya jina lako. Ikafanya safari yote, ikapata jibu jipya, basi. Yeye hakusubiri chochote na hakukuwa na cha kusubiri.

Wewe sasa. Wengi hawajui kwamba rizolva inahifadhi pia jibu la "hakuna". Saa nne ulivyoijaribu, domeni ilikuwa imelipiwa lakini haijaingia kwenye zoni ya .co.tz, ile orodha ya majina yanayoishia hivyo, na kulipia na kuingia kwenye zoni ni vitu viwili tofauti, rejista nyingine zinaingiza ndani ya dakika chache nyingine zinakusanya maombi kisha zinaingiza kwa pamoja. Rizolva ya laini yako ikaenda kuuliza, seva za juu zikajibu NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo, na kwa wakati huo ilikuwa kweli. Rizolva ikaandika: dukalako.co.tz haipo, usiulize tena mpaka muda fulani. Domeni ikaingia labda saa tano, wewe ukaendelea kubonyeza rifreshi saa sita, saa saba, saa tisa, na kila mara unapewa ile "haipo" ya saa nne.

Muda huo wa "haipo" unatoka wapi? Sio kwako, na hapa hata mafundi wa hostingi wanateleza. Kila zoni ina rekodi moja inaitwa SOA, na ndani yake kuna namba ya mwisho inayosema jibu la "hakuna" likae muda gani. Rizolva inachukua ile ndogo kati ya hiyo namba na TTL ya SOA yenyewe, utaratibu huo umewekwa tangu 1998. Sasa jina lako lilipokuwa halipo wewe hukuwa na zoni, kwa hiyo SOA iliyotumika ni ya zoni iliyo juu yako. Ndio maana ukiingia kwenye paneli sasa hivi ukapunguza TTL zako zote hadi dakika tano hutasaidika kitu, kile kilichokukwamisha hakikutoka kwenye paneli yako.

Unaweza kuiona hiyo kumbukumbu kwa macho. Unganisha laptop kwenye hotspoti ya simu hiyo hiyo (usitumie waifai nyingine, utakuwa unauliza rizolva nyingine), halafu kama una programu ya dig andika:

```
dig dukalako.co.tz
```

Utapata kitu cha namna hii, namba nimeweka za mfano:

```
status: NXDOMAIN
co.tz.   7200   IN   SOA   ...   28800
```

Ile 28800 ya mwisho ni sekunde, sawa na masaa nane, ndio muda wote ambao "haipo" inaruhusiwa kukaa. Ile 7200 ya mwanzo ndio zimebaki, masaa mawili. Hesabu yake inakubali: uliuliza saa nne asubuhi, ongeza masaa nane unapata saa kumi na mbili jioni, sasa ni saa kumi, bado mawili. Rudia amri baada ya dakika moja utaona imeshuka hadi kama 7140. Ikishuka hivyo ujue unaangalia kache, na unajua na saa ya kufunguka. Kwa kawaida inaweza kuwa fupi kuliko namba iliyoandikwa kwenye zoni, kwa sababu rizolva nyingi zina kikomo chao wenyewe, programu ya rizolva ya BIND kwa mfano isipobadilishwa haihifadhi "hakuna" zaidi ya masaa matatu, na Unbound saa moja tu. Lakini mwenye seva anaweza kubadili hiyo mipaka, kwa hiyo soma namba unayoiona mbele yako, usinukuu yangu.

Kuna watu wanaamini kwamba ukirifreshi sana ndio unazidi kuichelewesha. Hapana, kuuliza tena hakuongezi muda, saa inaendelea kushuka tu. Hasara inakuja ukiuliza pale kumbukumbu inapoisha wakati domeni bado haijaingia, hapo unaanzisha "haipo" nyingine mpya, ila kwako hilo limeshapita.

Sasa shemeji wa Lindi, yeye ndiye ana kesi tamu na ndiye atakayesubiri kuliko wote, ingawa kwa kumtazama unaweza kudhani yuko mbele yako maana angalau kitu kinafunguka.

Aliifungua saa saba. Wakati huo domeni ilikuwa imeshaingia, lakini kwa neimseva za kampuni iliyokuuzia, kwa sababu ukinunua bila kuweka neimseva zako wanakuwekea za kwao zinazoelekea kwenye ukurasa wa paking, yaani ukurasa wa kushikilia nafasi tu. Rizolva ya mtandao wake ikahifadhi vitu viwili, sio kimoja. Kwanza IP ya ule ukurasa, tuseme kwa 14400, masaa manne, ndio namba inayokuja yenyewe kwenye paneli nyingi za cPanel. Pili ikahifadhi orodha ya neimseva, yaani nani anaulizwa kuhusu domeni hii, tuseme kwa 86400, siku nzima.

Sasa fuatilia. Saa nane ukabadilisha neimseva. Saa kumi na moja jioni ile IP ya paking inaisha muda kwa shemeji, unategemea ataona duka, lakini haoni. Kwa nini? Rizolva yake inapotaka IP mpya hairudi juu kuuliza neimseva ni zipi, maana hiyo inaikumbuka bado, inakwenda moja kwa moja kwa neimseva za zamani. Na hizo za zamani hakuna aliyeziambia zinyamaze, bado zina ukurasa wa paking, zinajibu kwa furaha kabisa, na jibu linahifadhiwa tena masaa manne mengine. Hivyo hivyo mpaka kesho saa saba mchana ile orodha ya neimseva iishe, ndipo rizolva irudi juu ikute mpya. Kwa hiyo kubadilisha rekodi ya IP na kubadilisha neimseva ni mambo yenye subira tofauti sana, la kwanza linafuata TTL uliyoiweka mwenyewe, la pili linafuata TTL ya orodha ya neimseva ambayo mara nyingi ni ndefu na haiko mikononi mwako.

Na hapo ndipo yanapotokea masaa 48 ya hostingi. Kwenye zoni ya .com orodha za neimseva zinatolewa kwa TTL ya 172800, ukigawanya kwa 3600 unapata 48. Ni kikomo cha juu kwa mtu aliyehamisha domeni iliyokuwa inatumika tayari. Domeni mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza haina haja ya kusubiri hata saa moja, mteja wako wa Dar ni ushahidi. Lakini fundi wa hostingi anakwambia 48 kwa kila kitu kwa sababu akisema hivyo utakata simu, na kesho kutwa mambo yatakuwa yamejirekebisha yenyewe. Simlaumu sana, ila wakati mwingine kuna kosa la kweli na hizo siku mbili zinapotea bure.

Ndio maana kabla ya kusubiri hakikisha kwamba unachosubiri kipo. Hii inachukua dakika mbili, na kwenye Windows nslookup ipo tayari, fungua dirisha la amri:

```
nslookup -type=ns dukalako.co.tz 8.8.8.8
nslookup dukalako.co.tz ns1.hostingiyako.co.tz
nslookup dukalako.co.tz ns2.hostingiyako.co.tz
```

Mstari wa kwanza unauliza rizolva ya Google, domeni hii neimseva zake ni zipi. Zikitoka za hostingi yako basi mabadiliko ya saa nane yamefika kwenye rejista. Zikitoka za paking usikimbilie kulaumu, Google nayo ina kache, tena ina mashine nyingi kila moja na kumbukumbu yake, unaweza kuuliza mara mbili mfululizo ukapata majibu tofauti. Subiri kidogo urudie, na ukiendelea kuona za zamani mpaka kesho jioni ndipo urudi kwa aliyekuuzia ukaangalie kama yale mabadiliko yalihifadhiwa kweli, wakati mwingine mtu anajaza neimseva halafu anasahau kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Mistari miwili inayofuata ndio ya muhimu zaidi. Hapo unaziuliza neimseva zako zenyewe ana kwa ana, hakuna kache katikati, zinachosema ndicho kilichopo. Ziulize zote mbili, usiishie ya kwanza. Zote zikitoa IP moja ile ya hostingi yako, kazi yako imekwisha, vilivyobaki ni kumbukumbu za watu kuisha muda. Ikitokea ns1 inajibu vizuri halafu ns2 inatoa IP nyingine au inasema jina hilo halipo, hapo sio kache mkuu, ni kosa la hostingi, na dalili yake inafanana kabisa na ya kwako, kwa wengine inafunguka kwa wengine haifunguki, mtu yule yule asubuhi anafungua jioni hafungui, kwa sababu rizolva zinachagua neimseva yoyote kati ya zile mbili. Tofauti ni kwamba ya kache ina saa inayoshuka na ina mwisho, hii haina mwisho hata usubiri wiki mbili.

Kosa jingine la jamii hiyo ambalo kwa domeni mpya ni nadra lakini ukinunua domeni iliyowahi kuwa na mtu linatokea, ni DNSSEC, utaratibu wa kutia sahihi majibu ya DNS ili yasighushiwe. Ukikuta kwa 8.8.8.8 inajibu SERVFAIL na kwa laini fulani inafunguka vizuri, mara nyingi kuna rekodi ya DS ya zamani, ile inayothibitisha hizo sahihi, imebaki kwenye rejista haifanani na neimseva mpya, rizolva zinazokagua sahihi zinakataa na zisizokagua zinapitisha. Mwambie aliyekuuzia domeni aiondoe.

Haya, tuseme umeziuliza zote na ziko sawa, utafanya nini kwenye simu yako sasa hivi kama hutaki kusubiri saa kumi na mbili? Njia ya haraka ni kuachana na rizolva ya laini yako. Kwenye Android nenda kwenye mipangilio ya mtandao utafute Private DNS, chagua ile ya kuandika jina la mtoa huduma, andika `dns.google` au `one.one.one.one`, hifadhi. Kisha washa hali ya ndege uizime, ili simu nayo isahau ilichokuwa inakumbuka. Fungua tovuti. Ikifunguka umethibitisha kwamba tatizo lilikuwa kumbukumbu ya mtandao wako na sio domeni. Kwenye laptop ya Windows cha kufuta ni hiki:

```
ipconfig /flushdns
```

Lakini elewa mpaka wake. Hiyo amri inafuta kache ya laptop yako tu, haigusi ya kampuni ya simu. Watu wanaiandika mara kumi halafu wanashangaa mbona bado, kumbe laptop ikishasahau inakwenda kuuliza rizolva ile ile yenye "haipo" na inapewa "haipo" upya. Chrome nayo ina kache yake ndogo, hiyo unaifuta kwenye `chrome://net-internals/#dns`, ila ni ya muda mfupi sana sio ya kukusumbua. Kache za Google na Cloudflare pia unaweza kuziomba zisahau jina lako, wote wawili wana ukurasa wa wazi wa kufanya hivyo, unaandika domeni na aina ya rekodi. Ya kampuni ya simu huna mlango wa kuingilia, ni kusubiri tu.

Kitu kimoja ambacho hukuuliza lakini kitakuuma: barua pepe. Kama umeshachapisha info@dukalako.co.tz kwenye mifuko ya korosho, ujue kwamba rekodi za MX, zile zinazosema barua zako zipelekwe seva gani, zinapita njia ile ile. Mnunuzi ambaye seva yake ya barua bado inakumbuka neimseva za paking, oda yake inaweza kukataliwa na kumrudia, au ikapokelewa na seva ambayo huna sanduku kwake, na wewe huku hutaona dalili yoyote. Mpaka kesho jioni pokea oda kwa simu na watsapu.

Siku ukija kuhama hostingi, kwa sababu utahama tu, usifanye kama leo. Kama neimseva zinabaki zile zile na unabadilisha IP tu, siku moja kabla punguza TTL ya rekodi hiyo hadi 300, subiri ile ndefu ya zamani iishe kwa kila mtu, ndipo ubadilishe, na ndani ya dakika tano karibu wote watakuwa wamehamia. Nasema karibu kwa sababu zipo rizolva zinazohifadhi zaidi ya zilivyoambiwa. Kama unabadilisha neimseva zenyewe, tovuti ya zamani iache hewani siku mbili tatu, na kwenye neimseva za zamani, kama wanakuruhusu, weka IP mpya. Hapo hata mwenye kumbukumbu kama ya shemeji atapelekwa duka jipya na neimseva ya zamani, hatajua hata kama kuna kilichobadilika.

Na domeni nyingine ukinunua, usiijaribu kwenye simu mpaka ile amri ya kwanza ya kuuliza 8.8.8.8 ikutajie neimseva za hostingi yako. Tena usiitume kwenye magrupu ya watsapu kabla, maana watsapu yenyewe huifungua linki ili itengeneze picha ya mwonekano, na wenzako mia wakibonyeza kwa pamoja wakati haijaingia, basi "haipo" inaandikwa kwenye rizolva za laini zote kwa mkupuo.

Shemeji mwambie aweke hiyo `dns.google` kama anataka kuona bei leo, la sivyo kesho baada ya saa saba mchana. Ikifika kesho jioni yeye bado yuko kwenye paking, nitumie majibu ya ile mistari mitatu kama yalivyotoka, usiyafupishe.